Ratiba ya marudio ya Takwimu, Jumatatu 1 hadi Jumapili 14 Desemba 2025

Ya Nekesa, Odhiambo na mimi. Ibandikwe nyuma ya mlango wa chumba chetu, hosteli ya Maseno.

Mtihani: Jumatatu tarehe 15, unaanza saa tatu asubuhi, muda wake saa mbili kamili. Swali la kwanza ni la lazima, alama 30. Mengine tunachagua mawili, alama 20 kila moja.

Tumepekua pepa nne za zamani. Swali la kwanza huchanganya kila kitu, na katika zote nne angalau maswali mawili ya kuchagua yanahusu makadirio na majaribio ya nadharia tete. Kumbe sisi tumekuwa tukishinda kwenye uwezekano kwa sababu dadu na karata zinafurahisha. Ndiyo maana uwezekano umepewa siku nne tu hapa, na pepa zinaanza siku ya kwanza.

Saa za kazi: asubuhi saa mbili na nusu hadi saa tano, maktaba. Jioni saa kumi hadi saa kumi na mbili, chumbani. Usiku saa mbili hadi saa tatu na nusu, kila mtu na daftari lake la makosa. Stima ikipotea, usiku huo tunaulizana fomula kwa mdomo. Hakuna kulala mapema kwa kisingizio cha giza.

WIKI YA KWANZA

Jumatatu 1. Asubuhi: pepa ya kwanza, yote, kwa saa mbili, bila daftari. Najua tutafeli. Jioni tunasahihisha na kuandika kando ya kila alama iliyopotea herufi moja: F (fomula sikuijua), N (njia nilichagua vibaya), H (hesabu). Katika jaribio la muhula nilipoteza alama nyingi kwa N, huku nikidhani shida yangu ni kalkuleta.

Jumanne 2. Uwezekano: matukio huru na matukio yasiyoweza kutokea pamoja. Nekesa atufundishe, maana Odhiambo bado anadhani ni kitu kimoja. Kama A na B haziwezi kutokea pamoja na kila moja ina uwezekano zaidi ya sifuri, basi haziwi huru: moja ikitokea, nyingine imekwisha. Jioni maswali sita.

Jumatano 3. Uwezekano wenye sharti na kanuni ya Bayes. Swali la kuanzia (tarakimu nimezibuni): kati ya wanaofika zahanati, 10% wana malaria. Kipimo kinasema "ndiyo" kwa 95% ya wenye malaria, na pia kwa 8% ya wasio nayo. Kipimo kimesema ndiyo. Uwezekano wa kuwa na malaria ni upi?

P(M|+) = (0.10 × 0.95) / (0.10 × 0.95 + 0.90 × 0.08) = 0.095 / 0.167 ≈ 0.57

Aliyejibu 0.95 amegeuza sharti. Chora mti kila mara, hata kama unajiona mjuzi.

Alhamisi 4. Tuna mtihani wa somo lingine asubuhi. Jioni tupumzike. Usiku daftari la makosa, nusu saa.

Ijumaa 5. Bainomia na Poisson. Bainomia: idadi ya majaribio inajulikana, p haibadiliki. Ukisoma "angalau moja", usijumlishe. Toa kutoka 1. Kwa n = 8 na p = 0.3: 1 − 0.7^8 ≈ 0.942. Poisson: mtego ni muda. Bodaboda nne kwa dakika kwenye kituo ni mbili kwa nusu dakika, kwa hiyo uwezekano wa kutopita hata moja katika nusu dakika ni e^(−2) ≈ 0.135. Aliyetumia 4 andika N.

Jumamosi 6. Mgawanyo wa kawaida asubuhi, kisha daraja la kuvukia. Hii ndiyo siku ya kutokosa. Ngege wana wastani wa gramu 400, mkengeuko sanifu 50. Ngege mmoja kuzidi 480: z = 80/50 = 1.6, jibu 0.0548. Wastani wa ngege 25 kuzidi 420: hapa hugawi kwa 50, unagawa kwa 50/√25 = 10. z = 2, jibu 0.0228. Asiyeona tofauti ya maswali haya mawili asiendelee na wiki ya pili. Arudie hadi aione. Jioni: swali la kwanza tu la pepa ya pili, dakika 50.

Jumapili 7. Odhiambo ana kanisa, Nekesa anaenda sokoni Luanda. Hakuna kusoma hadi saa kumi. Baadaye tuhesabu F, N na H za wiki.

WIKI YA PILI

Jumatatu 8. Masafa ya uhakika, ya wastani na ya uwiano. Zoezi la maneno: eleza 95% bila kusema "uwezekano kwamba μ imo humu ni 95%". Ni mbinu ndiyo inayofaulu mara 95 kwa 100 tukirudia sampuli.

Jumanne 9. z au t? Siku nzima. n = 16, wastani 52, s = 8, data inafuata mgawanyo wa kawaida. Jaribu H0: μ = 48 dhidi ya μ ≠ 48, kiwango cha 5%.

t = (52 − 48) / (8/√16) = 2.0

Jedwali la t, digrii 15 za uhuru, linatoa 2.131: hatuikatai H0. Aliyekimbilia 1.96 ameikataa. Hesabu ni ileile, hitimisho kinyume, na s iliyotoka kwenye sampuli ndiyo iliyopaswa kumzindua. Kisha thibitisha kwa masafa: 52 ± 2.131 × 2 ni 47.74 hadi 56.26, na 48 imo ndani.

Tuandike "hatuikatai", si "tumethibitisha H0".

Jumatano 10. Uwiano: 116 kati ya 200, H0: p = 0.5. Kosa sanifu linatumia 0.5, si 0.58, kwa sababu tunahesabu tukiichukulia H0 kuwa kweli. z ≈ 2.26, tunaikataa. Kwenye masafa ya uhakika ndipo 0.58 inapoingia. Jioni, makosa ya aina ya kwanza na ya pili. Maelezo mafupi tu.

Alhamisi 11. Pepa ya pili, maswali yaliyobaki, dakika 70. Jioni khi-mraba, jedwali la 2 × 2: digrii moja, 3.841.

Ijumaa 12. Jamhuri Dei. Asubuhi pepa ya tatu, kwa muda wa saa mbili kamili, simu zote kwenye sufuria la Nekesa, kifuniko juu. Kusahihisha hadi saa sita. Baada ya hapo sherehe, chapati ni juu ya Odhiambo.

Jumamosi 13. Pepa ya nne, saa tatu asubuhi kama siku yenyewe. Dakika kumi za kwanza ni za kusoma na kuchagua maswali mawili, kalamu chini. Jioni turudie zile za N peke yake.

Jumapili 14. Karatasi moja ya fomula, iandikwe kutoka kichwani, mara moja. Betri za kalkuleta, kitambulisho cha chuo, kadi ya mtihani. Hakuna swali jipya baada ya saa kumi na mbili jioni, hata Nekesa akibembeleza. Kulala saa nne. Kesho anayeamka kwanza achemshe chai na kuwaamsha wengine wawili, maana Odhiambo hasikii kengele ya simu.