Barua kwa wafanyakazi: kwa nini makato ya mshahara yamebadilika mwaka huu

Karakana ya samani, Barabara ya Ngong, Nairobi
Jumanne, 4 Machi 2025

Kwa mafundi, wasaidizi, washonaji wa viti, dereva na wote tunaofanya kazi pamoja,

Tangu slipu za Februari zitoke Ijumaa, nimeulizwa swali moja kwa njia saba. Fundi mmoja aliniuliza kwa upole kama biashara imeshuka. Mwingine hakuniuliza mimi, aliwauliza wenzake kule kwenye msasa, na maneno yakanifikia yakiwa yameota mikono na miguu: eti mathe amepunguza mishahara kimyakimya. Sikupunguza. Mshahara wa kila mmoja wenu kabla ya makato ni uleule wa mwaka jana, na barua zenu za kazi ninazo kwenye faili kama mnataka kulinganisha. Kilichobadilika ni makato ya serikali, na yamebadilika mara mbili ndani ya miezi miwili, mara ya kwanza kwa faida yenu na ya pili kinyume. Nilipaswa kuwaita na kuwaeleza kabla slipu hazijatoka. Hilo kosa ni langu.

Nianze na NSSF, ile akiba ya uzeeni, kwa sababu ndiyo iliyowatoa jasho. Mpaka Januari, hesabu ya NSSF ilikuwa asilimia 6 ya mshahara, lakini mshahara uliohesabiwa uliishia 36,000. Ukilipwa 36,000 au 60,000, ulikatwa 2,160, basi. Kuanzia Februari hii kikomo hicho kimepanda hadi 72,000. Asilimia ni ileile 6. Anayelipwa 45,000 sasa anahesabiwa kwenye 45,000 yote, na makato yake ni 2,700. Sheria yenyewe ni ya 2013. Ilikwama mahakamani miaka mingi tukiendelea kukatwa ile 200 ya zamani, ikaanza kutumika Februari 2023, na inapanda kwa hatua kila Februari. Hii ni hatua ya tatu. Februari mwaka ujao kuna nyingine, kwa hivyo msije mkashtuka upya.

Wale mnaolipwa chini ya 36,000, jumla yenu ya NSSF haijasogea hata shilingi. Najua mnaona mistari miwili kwenye slipu, "Tier I" na "Tier II", na kuna aliyekuja ofisini akiamini amekatwa mara mbili. Ni makato mamoja yaliyogawanywa. Sehemu ya kwanza ni asilimia 6 ya 8,000 za mwanzo (mwezi uliopita ilikuwa 7,000), na sehemu ya pili ni asilimia 6 ya kinachobaki. Wa 28,000 alikuwa na 420 na 1,260. Sasa ana 480 na 1,200. Jumlisha zote mbili: 1,680 kwa 1,680.

Sasa Januari. Baadhi yenu pesa zenu ziliongezeka kidogo Januari na hamkuja kuniuliza, nami siwalaumu. Sheria ya kodi ilibadilishwa mwisho wa Desemba. Zamani pesa za SHIF, yaani bima ya afya, na za ile tozo ya nyumba za bei nafuu zilikatwa, lakini kodi ya mapato, yaani PAYE, ilihesabiwa kana kwamba bado mnazo mkononi. Kulikuwa na nafuu ndogo ya asilimia 15 kwa makato ya nyumba, na hiyo imeondolewa. Badala yake, SHIF na pesa ya nyumba zinatolewa kwanza, kama NSSF, ndipo kodi ihesabiwe kwenye kinachobaki. Hiyo ni nafuu kubwa kuliko ile ya zamani. Ile punguzo ya kila mtu ya 2,400 kwa mwezi ipo palepale. Ndiyo maana slipu ya anayelipwa 26,000 hapa kwetu inaonyesha PAYE sifuri: akishatolewa NSSF 1,560, SHIF 715 na nyumba 390, anabaki na 23,335, na kodi ya mtu ambaye hajafika 24,000 humezwa yote na hiyo punguzo.

Nimemwomba mhasibu anipangie hesabu ya fundi wa 45,000, maana wengi wenu mko karibu na hapo. Hii ni miezi miwili, kando kwa kando:

Januari: NSSF 2,160. SHIF 1,237.50. Nyumba 675. PAYE 4,661.60. Mkononi 36,265.90.

Februari: NSSF 2,700. SHIF 1,237.50. Nyumba 675. PAYE 4,499.60. Mkononi 35,887.90.

Pungufu ni 378. NSSF ilipanda 540, lakini kwa sababu NSSF haitozwi kodi, PAYE ilishuka 162. Wa 38,000 amepungukiwa na 84. Msimamizi wetu wa 80,000 ndiye aliyeumia zaidi, 1,512, kwa sababu NSSF yake imeruka kutoka 2,160 hadi 4,320. Hakulalamika, lakini nimemwona akipiga kikokotoo mara mbili.

SHIF haijabadilika mwaka huu, ila wengi mnaisoma slipu kwa makini sasa ndiyo mnaigundua. Ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba mwaka jana. NHIF ilikuwa na ngazi, na aliye juu kabisa alilipa 1,700. SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara wote pamoja na posho ya nyumba, haina kikomo cha juu, na cha chini ni 300. Si kila mtu aliyepoteza hapo. Wa 28,000 alikuwa akilipa 850 NHIF. Sasa analipa 770. Wa 45,000 ameongezewa kutoka 1,100.

Nina jambo la kuwasihi kuhusu SHIF, na si la hesabu. Mimi kuipeleka pesa yenu haitoshi. Lazima wewe mwenyewe ujisajili SHA, wanaosimamia bima hiyo, na uwaandikishe mke au mume na watoto; namba ya kupiga ni *147#. Mmoja wetu alifika hospitalini na mtoto mwezi wa kwanza, makato yake yote yakiwa yamelipwa, lakini mtoto hakuwa kwenye orodha, na ikabidi tuchangishane hapa karakana. Kama simu yako inakusumbua, njoo ofisini wakati wa chai tufanye pamoja. Nimeona wengine wakisajili familia ndani ya robo saa.

Pesa ya nyumba ni asilimia 1.5, imekuwepo kwa sheria ya sasa tangu Machi mwaka jana, na kiwango chake ni kilekile. Mtu aniulize kama ni akiba yake atakayorudishiwa: hapana, ni tozo. Anayetaka kuomba moja ya nyumba hizo anajisajili mwenyewe Boma Yangu.

Kuna waliopendekeza niwalipe sehemu ya mshahara "mkononi" ili makato yapungue. Nimeelewa mnatoka wapi, kodi ya nyumba Kawangware haingoji. Lakini sitafanya hivyo. Adhabu ikija itanikuta mimi, na hasara ya pili itawakuta nyinyi: mshahara mdogo kwenye karatasi ni NSSF ndogo ukizeeka, na ni mkopo mdogo siku ukienda kwenye sacco au benki na slipu hiyo. Pia mjue kwamba NSSF na nyumba silipi zenu tu. Kwa huyo fundi wa 45,000, mimi naongeza 2,700 yangu NSSF, 675 ya nyumba na 50 ya NITA, ile tozo ya mafunzo ya ufundi. Ananigharimu 48,425, wala simlalamikii. Nawaambia ili mjue kwamba hizo 540 zilipopanda kwenu, zilipanda na kwangu pia. Kwenye SHIF na PAYE ndiko mwajiri haongezi chochote.

Mtaniuliza kama nitawaongezea mishahara kufidia. Siwezi kuahidi kwa sasa. Mbao za saipresi zimenipandia na wateja wawili wa hoteli bado hawajamaliza kulipa. Nitaangalia tena mwezi wa saba, tukishamaliza zile oda za meza za shule, na nitawaambia ndiyo au hapana mbele ya wote.

Lipo pia suala la advansi. Sheria ya ajira inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Mmoja wetu amenikubalia nitaje hesabu yake bila jina. Analipwa 45,000, ana mkopo wa sacco 14,000 kwa mwezi na nilikuwa nikimkata advansi 7,000. Januari alikuwa ndani ya mstari. Februari, NSSF ilipopanda, jumla ikafika 30,112.10, na theluthi mbili ni 30,000. Nilipitisha slipu bila kuangalia. Nimeshamrudishia 1,000 kwa M-Pesa, na kuanzia mwezi huu advansi yake ni 6,000, ataimaliza mwezi mmoja baadaye kuliko tulivyopanga. Kama una advansi kwangu na mkopo nje, leta slipu yako tuihesabu kabla ya tarehe 20, maana baada ya hapo mhasibu anafunga mishahara, na pesa za serikali lazima ziwe zimefika tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Fomu za P9 za mwaka 2024 ziko tayari kwenye droo ya meza yangu. Kila mtu achukue yake na atie sahihi kwenye daftari. Mtazihitaji kujaza ritani kwenye iTax, na mwisho ni 30 Juni. Mwaka jana watu wanne walinijia tarehe 29 jioni, na mtandao, kama kawaida, ulikuwa umelala.

Mhasibu atakuja Alhamisi hii saa saba, wakati wa chakula. Ataketi pale penye benchi za kushonea na atapitia slipu ya kila anayetaka, mmoja mmoja, wengine wakiwa mbali, kwa sababu mshahara wa mtu ni siri yake. Njoo na slipu ya Januari na ya Februari. Nani aliyepoteza yake, aniambie kesho nimchapishie nyingine.

Wenu,
Mama Shiko