Waraka wa tengo la waranti kwa pampu zilizouzwa mwaka 2024

Kwa: Wajumbe wa Kamati ya Ukaguzi
Nakala: Mkurugenzi wa Fedha, Meneja wa Mauzo, Msimamizi wa Karakana
Kutoka kwa: Mhasibu Mkuu
Tarehe: 20 Januari 2025

Yah: Makadirio ya gharama za waranti ya miezi 24 na jinsi yalivyoingizwa vitabuni

Waheshimiwa Wajumbe,

Naomba mpitie na kuidhinisha tengo la waranti la 17,555 kama lilivyo kwenye mizania ya tarehe 31 Desemba 2024. Viasi vyote katika waraka huu ni maelfu ya sarafu ya vitabu vyetu, isipokuwa idadi ya pampu.

Nianze na suala lililozua ubishi kwenye kikao cha Novemba. Idara ya Mauzo ilipendekeza gharama ya matengenezo ya bure iandikwe siku fundi anapofungua pampu, kwa hoja kwamba kabla ya hapo hakuna aliyetudai chochote. Sikubaliani na hoja hiyo, na kiwango cha uhasibu IAS 37 hakikubaliani nayo pia. Tunapomkabidhi mteja pampu pamoja na kadi ya waranti, tayari tumeshajifunga. Tukio linalotufunga ni mauzo yenyewe. Kuharibika kwa pampu kunatuonyesha tu ni mteja yupi kati ya wengi atakayekuja kutudai. Kwa pampu moja, uwezekano wa kurudi ni mdogo. Lakini kiwango kinatutaka tuzitazame pampu zote kwa pamoja, na katika pampu 12,000 hakuna shaka kwamba zipo zitakazorudi. Deni lipo, fedha zitatoka, na tunazo kumbukumbu za kutosha kukadiria kiasi. Masharti yote matatu yametimia siku ya mauzo.

Tukifuata pendekezo la Mauzo, faida ya 2024 ingebeba bei ya pampu za 2024, lakini sehemu kubwa ya gharama ingekuwa ya kurekebisha pampu za 2022 na 2023. Mauzo yakikua, faida ingeonekana nono kuliko ilivyo. Yakishuka, mwaka huo ungebebeshwa mizigo ya miaka iliyopita. Msomaji wa hesabu zetu hapaswi kupewa picha ya namna hiyo.

Msingi wa makadirio

Nimetumia mauzo ambayo waranti yake imekwisha kabisa, yaani ya 2021 na 2022. Kadi za kazi za karakana zinaonyesha hivi:

2021: pampu 8,000 ziliuzwa, hitilafu ndogo 256, hitilafu kubwa 72.
2022: pampu 9,500 ziliuzwa, hitilafu ndogo 269, hitilafu kubwa 103.
Jumla: pampu 17,500; ndogo 525 (asilimia 3), kubwa 175 (asilimia 1).

Hitilafu ndogo ni sili ya shafti, kapasita au swichi. Kubwa ni mota kuungua au beringi kufa kiasi cha kula shafti. Kwa bei za sasa, hitilafu ndogo hutugharimu wastani wa 18 (vipuri 7, ujira wa fundi 8, usafiri 3), na kubwa 95 (vipuri 62, ujira 21, usafiri 12). Pango la karakana sikuliweka, kwa kuwa tungelilipa hata kama hakuna pampu hata moja iliyorudi.

Hesabu hizo zinajumuisha wateja waliopoteza risiti lakini namba ya pampu yao ikaonekana kwenye daftari letu la mauzo. Kadi ya waranti inadai risiti. Sisi kwa miaka yote tumewahudumia bila risiti, na wateja wanalijua hilo. Mazoea hayo yametujengea wajibu sawa na ulioandikwa, hivyo gharama yake imo.

Kwa viwango hivyo, matarajio kwa pampu 12,000 za 2024 ni ndogo 360 kwa 18, sawa na 6,480, na kubwa 120 kwa 95, sawa na 11,400. Jumla ni 17,880, au 1.49 kwa kila pampu. Kiwango hicho cha 1.49 ndicho tulichokuwa tukiingiza kila mwezi kadiri pampu zilivyouzwa. Mfano ni Machi, tulipouza pampu 1,000:

```
Dr  Gharama ya waranti (gharama ya mauzo)   1,490
    Cr  Tengo la waranti                    1,490
```

Na pampu ya kwanza yenye hitilafu kubwa ilipotengenezwa, faida haikuguswa tena:

```
Dr  Tengo la waranti                        95
    Cr  Stoo ya vipuri                      62
    Cr  Ujira wa mafundi                    21
    Cr  Wadai (usafirishaji)                12
```

Sili mpya

Hapa ndipo ninapoomba mtulie kidogo, kwa sababu kumbukumbu za zamani peke yake hazitoshi. Kuanzia 1 Septemba tuliuza pampu zenye sili ya shafti kutoka kwa mtengenezaji mwingine. Hadi mwisho wa mwaka tulikuwa tumeuza 4,500 za aina hiyo. Msimamizi wa Karakana alinionyesha mbili zilizorudi. Mpira wa sili ulikuwa umekakamaa na kupasuka ukingoni, na chini yake shafti ilikuwa na mstari wa kutu mahali maji yalipopenya. Sili ya zamani yenye umri huo huwa bado laini, unaweza kuikunja kwa vidole.

Ili nisiegemee pampu mbili tu, nimelinganisha makundi mawili kwa siku 90 za kwanza baada ya mauzo. Kati ya pampu 1,000 zilizouzwa Machi zikiwa na sili ya zamani, 10 zilirudi na hitilafu ndogo, yaani asilimia 1. Kati ya 1,100 zilizouzwa Septemba zikiwa na sili mpya, zilirudi 22, yaani asilimia 2. Kundi ni dogo na muda ni mfupi, lakini alichokiona fundi mezani kinaafikiana na idadi. Nimeamua kukadiria hitilafu ndogo za pampu hizo 4,500 kwa asilimia 6 badala ya 3. Hilo linaongeza hitilafu 135, kwa 18 kila moja, sawa na 2,430:

```
Dr  Gharama ya waranti (gharama ya mauzo)   2,430
    Cr  Tengo la waranti                    2,430
```

Kwa hiyo gharama ya waranti kwa mauzo ya 2024 ni 20,310. Kiwango cha hitilafu kubwa nimekiacha asilimia 1. Najua maji yakipita kwenye sili kwa muda mrefu huweza kufika kwenye beringi na hatimaye mota, na najua pia kwamba hitilafu kubwa zilipanda kutoka asilimia 0.9 mwaka 2021 hadi karibu 1.1 mwaka 2022. Hata hivyo, hakuna mota iliyoungua katika pampu zenye sili mpya hadi 31 Desemba, na sitaki kuandika gharama kwa kuhofia tu. Kila nukta moja ya asilimia katika hitilafu kubwa ni 11,400 kwa mauzo ya mwaka mzima. Hapo ndipo makadirio yetu yanapoweza kuyumba zaidi, na maelezo ya hesabu yatalisema hilo wazi.

Mjumbe mmoja alishauri tuweke 30,000 “kwa usalama”. Naheshimu nia yake, ila siwezi kuisimamia namba hiyo. Tahadhari haituruhusu kuongeza deni tusiloweza kulieleza. Ziada hiyo ingekuwa faida iliyofichwa mwaka huu ili iibuliwe mwaka mbaya. Vivyo hivyo, tengo hili halitatumika kulipia kitu kingine chochote zaidi ya waranti iliyokusudiwa.

Mwenendo wa tengo katika mwaka

Salio 1 Januari 2024: 12,600
Nyongeza kwa mauzo ya 2024: 20,310
Lililotumika kwa matengenezo: (14,205)
Lililorejeshwa kwenye faida bila kutumika: (1,150)
Salio 31 Desemba 2024: 17,555

Kati ya 14,205 zilizotumika, 6,900 ni za pampu zilizouzwa 2024 na 7,305 ni za miaka ya nyuma. Kiasi cha 1,150 ni mabaki ya tengo la mauzo ya 2022. Waranti yake imekwisha, hakuna wa kutudai, na kukiacha kwenye mizania kungekuwa kuonyesha deni lisilokuwepo. Nimekiandika peke yake badala ya kukipunguza kimyakimya kutoka kwenye gharama ya 2024, ili mwone jinsi makadirio ya awali yalivyolingana na hali halisi.

Salio la mwisho ni 4,145 kwa mauzo ya 2023 na 13,410 kwa ya 2024. Tunatarajia kulipa 13,145 ndani ya mwaka 2025 na 4,410 mwaka 2026. Kwenye mizania yatatenganishwa hivyo, la muda mfupi na la muda mrefu. Sehemu ya 2026 haikupunguzwa kwa thamani ya fedha kwa wakati. Kwa riba ya asilimia 8 tofauti ingekuwa kama 480, chini ya kiwango cha umuhimu cha 1,000 mlichokipitisha.

Mtengenezaji wa sili amekiri kupokea malalamiko yetu, basi. Hajakubali kulipa. Fidia kutoka kwake itaandikwa kama mali pale tu itakapokuwa karibu na hakika, tena kwa mstari wake, bila kulipunguza tengo.

Wateja walionunua mwaka wa tatu wa huduma kwa malipo ya ziada hawamo kabisa humu. Hiyo ni huduma iliyouzwa kando. Kwa IFRS 15 malipo yao yanabaki kuwa mapato yaliyoahirishwa hadi mwaka huo wa tatu utakapoanza.

Ninachoomba

Kwanza, Kamati iidhinishe salio la 17,555 pamoja na nyongeza ya 2,430 ya sili mpya.

Pili, kuanzia Januari 2025 kila pampu yenye sili mpya iingizwe kwa 2.03 wakati wa mauzo, na yenye sili ya zamani kwa 1.49. Tofauti ya 0.54 ni asilimia 3 za ziada kwa gharama ya 18.

Tatu, Karakana iandike aina ya sili kwenye kila kadi ya kazi. Kwa sasa fundi anaandika “sili” tu, na ilinibidi nifuatilie namba za pampu moja moja kuzitenganisha.

Nne, nipewe ruhusa ya kurekebisha salio iwapo kadi za kazi zitakazofika kabla ya hesabu kusainiwa tarehe 28 Februari zitaonyesha kwamba pampu zilizouzwa 2024 zina kasoro kubwa kuliko nilivyokadiria. Kasoro hiyo ilikuwemo ndani ya pampu siku ya mizania, hata kama tumeijua baadaye. Mabadiliko yatakayoonekana baada ya tarehe hiyo yataingia kwenye hesabu za 2025, bila kuzigusa za 2024.

Kadi zote za kazi nilizotumia, pamoja na jedwali la siku 90, ziko tayari kwa wakaguzi wa nje ofisini kwangu.

Wenu katika kazi,

Mhasibu Mkuu