Taarifa ya upasuaji: kuunganisha mfupa wa kifundo cha mguu wa kulia

Mgonjwa: mwanamke, miaka 46. Alianguka kwenye bodaboda siku 8 zilizopita. Tulisubiri uvimbe upungue na ngozi ianze kukunjamana.

Utambuzi: mivunjiko ya fibula (Weber B) na kifundo cha ndani, talasi imehama.

Ganzi ya uti wa mgongo. Sefazolini gramu 2 kabla ya kukaza mkanda wa paja; mkanda ulikaa dakika 64.

Upande wa nje: neva ya juu ya peronea ilionekana, ikalindwa. Fibula ilirudishwa kwa urefu wake, skrubu 1 ya kubana ya milimita 3.5, kisha plati ya matundu 6. Mfupa ni laini kuliko nilivyotarajia kwa umri huu. Skrubu za chini hazikukazwa kwa nguvu. Upande wa ndani: utando ulionaswa uliondolewa, skrubu 2 za milimita 4.0.

Fibula ilivutwa kwa kulabu chini ya eksirei: haikuachana na tibia, hivyo skrubu ya kuziunganisha haikuhitajika.

Damu iliyopotea mililita 50. Hakuna tatizo.

Maagizo: plasta ya nyuma, mguu uinuliwe, vidole vikaguliwe kila saa usiku huu. Maumivu yakizidi licha ya dawa, nipigiwe mara moja. Nyuzi siku ya 14. Asikanyage wiki 6.