Agenda ya kikao cha hela, Jumapili tarehe 3 Mei, saa 2 usiku baada ya kula

Haya wote mnisome hapa. Tunakaa sebuleni, tivii imezimwa, simu zote kwenye kikapu isipokuwa ya Baba maana ndo tutapigia hesabu (na Baba, sio ya kuchungulia mechi). Njooni na madaftari ya matumizi, ambaye hakuandika mwezi mzima aje hivyo hivyo atuambie anachokumbuka.

1. Kufungua. Mwenyekiti safari hii ni Kaka, dakika 5, hatutaki hotuba.

2. Mimi na Baba tunasoma yetu kwanza. Luku 45,000, gesi 25,000, maji 18,000, mchango wa harusi 50,000. Na kile kitenge cha 35,000 nitakitaja mwenyewe kabla hamjanitaja.

3. Posho. Sasa hivi mnachukua 2,000 kila asubuhi na jioni kuna mtu anaomba tena. Napendekeza tutoe mara moja kila Jumatatu, Dada 12,000 na Kaka 10,000, nauli ikiwa humo humo: 200 kwenda, 200 kurudi, siku 5 ni 2,000 na hiyo haiguswi. Ikiisha Jumatano ndo imeisha, nauli nitakukopesha ila nakata Jumatatu inayofuata. Mwenye hoja alete hesabu, "wenzetu wanapewa" sio hesabu.

4. Kibubu. Dada anataka raba za 60,000. Akiweka 2,500 kwa wiki ni wiki 24, ila mimi na Baba tutaongeza 500 kila wiki atakayoweka bila kuruka, inakuwa wiki 20. Akichokonoa kibubu kwa kisu kama Februari, nyongeza inasimama mwezi mzima. Kaka bado hajasema anaweka kwa ajili ya nini, aje na jibu.

5. Lazima au natamani tu? Hapa tukae hata dakika 20. Kila mtu aandike vitu vyake kwenye vikaratasi tuvipange mezani mafungu mawili: daftari, kusuka, chipsi mayai, kava la simu, sabuni. Pedi ni lazima, zinatoka bajeti ya nyumba, hazijadiliwi. Bando najua ndo litatugombanisha, maana la kudaunlodi mitihani ya zamani na la kuangalia video usiku ni bando lile lile, kwa hiyo tukubaliane GB ngapi nyumba inalipa na zinazozidi mtu anajilipia. Ukibishana jibu kwanza hili: nikikikosa wiki hii, nini kinaharibika?

6. Deni. Dada anadaiwa 3,000 na Kaka tangu Pasaka. Tunataka tarehe ya kulipa, sio "nitakupa".

7. Mengineyo, kama usingizi haujatushinda. Dada anaandika muhtasari, tunakutana tena Juni 7. Mandazi yapo, yametoka bajeti ya nyumba msiulize.