Maswali ya nyuma

Salim: Dada, hayo maswali ya mitihani ya nyuma si yalishatoka? Hayarudi. Unajichosha bure.

Zuhura: Hayarudi vilevile, lakini mitego hurudi. Mimi nafunga daftari, naweka saa, nafanya karatasi nzima bila kusimama. Saa ikiisha, kalamu chini.

Salim: Hata kama hujamaliza?

Zuhura: Hata kama. Kisha nasahihisha kwa mwongozo, kwa kalamu ya rangi nyingine. Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Wengi wanahesabu alama tu, wanafunga. Mimi kila nilipokosa naandika sababu: sikujua, nilisoma swali haraka, au nilikosea hesabu.

Salim: Kosa ni kosa tu.

Zuhura: Hapana, mdogo wangu. Lete karatasi yako ya fizikia. Ona hapa: gari linakwenda kilomita 72 kwa saa, wewe umeingiza 72 kwenye fomula. Ilitakiwa mita 20 kwa sekunde. Fomula unaijua, kwa hiyo kurudia mada nzima hakukusaidii. Unachohitaji ni kukagua vipimo kabla ya kuanza.

Salim: Kwa nini usisome majibu tu? Ni haraka zaidi.

Zuhura: Ukisoma jibu unaona kama ulikuwa unalijua. Wiki ijayo nayarudia yale niliyokosa tu, mwongozo ukiwa umefungwa.

Salim: Mimi bado naona kusoma kitabu ni bora.

Zuhura: Kitabu kwanza, sikatai. Lakini hili la gari lifanye sasa hivi, nakuangalia.