Mpango wa siku ya wakulima shambani: Alhamisi ijayo

Ndugu wanakamati,

Jana nilizunguka shamba zima pamoja na mwenyeji wetu na mkewe. Mahindi yamebeba vizuri na majani bado ni ya kijani, kwa hiyo tofauti kati ya vipande inaonekana hata ukiwa barabarani. Tumealika wakulima 150. Tukiwaacha wazurure, mia watajazana kwenye kituo kimoja na wa nyuma wataona migongo tu. Mpango huu umeandikwa kwa ajili ya hao wa nyuma.

Wageni watafika kuanzia saa 2:30 asubuhi. Langoni kila mmoja ataandikishwa, atakanyaga beseni la dawa ya kuua vijidudu viatuni, kisha atafungwa utepe mkononi. Rangi ni tano, na kila rangi ina watu 30 na kiongozi wake. Tugawe rangi kwa kupishanisha, mmoja mmoja, maana tukifuata foleni watu wa kijiji kimoja watakaa pamoja na maswali yatakuwa yale yale. Meza za uandikishaji ziwe tatu. Mara ya mwisho tuliweka moja, na foleni ikakatiza njia ya magari.

Ukaribisho ni saa 3:20 hadi 3:40, na usizidi hapo. Wageni rasmi watazungumza mchana chini ya turubai, jua likiwa kali na watu wamekwisha kuona. Saa 3:45 kengele italia na kila kundi litakuwa limesimama kwenye kituo chake cha kwanza. Kituo ni dakika 20, kuhama ni dakika 5, kwa hiyo vituo vitano, pamoja na kurudi turubaini, vitakwisha saa 5:50. Mshika kengele ni mmoja tu. Mtoa maelezo hana ruhusa ya kuomba “dakika mbili tu”, kwa sababu akichelewa yeye makundi yote matano yanakwama.

Vituo vimepangwa kwa duara, na cha tano kinapakana na cha kwanza. Njia ni ya upande mmoja, imewekewa kamba, na inapita mbali na banda la ng'ombe. Asubuhi wageni wasimame jua likiwa mgongoni. Mtoa maelezo ndiye atakayevumilia mwanga usoni.

Kituo cha kwanza ndicho moyo wa siku. Kuna vipande vitatu vya mbegu ile ile, vilivyopandwa siku ile ile: bila mbolea, mbolea ya kupandia pekee, na ya kupandia pamoja na ya kukuzia. Nafasi ni sentimita 75 kwa 25, mche mmoja kwa shimo. Wageni wapime mita 10 za mstari na kuhesabu wenyewe. Wanapaswa kukuta miche 40, na pengo lolote walijadili. Mwenyeji alitaka kufyeka kipande kisicho na mbolea kwa kuona haya. Nimemsihi akiache kilivyo, na ndicho atakachoanza kukieleza yeye mwenyewe. Mtaalamu wa ugani atakaa pembeni na kujibu akiulizwa.

Kituo cha pili ni kiwavijeshi vamizi. Wageni wafungue majani ya katikati wenyewe, watafute alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyopangika kama mraba karibu na mkia. Cha tatu ni shimo la udongo la kina cha mita moja, lenye ngazi upande mmoja na uzio pande nyingine.

Cha nne ni bomba la mgongoni, na ndani yake ni maji matupu. Mnyunyiziaji atamaliza eneo la mita 10 kwa 10, kisha watapima maji yaliyotumika na kuzidisha kwa 100 kupata lita za hekta. Lita 2 zikitumika, hekta inahitaji 200. Wengi hawajawahi kupima, kwa hiyo asiharakishe.

Cha tano ni uhifadhi. Chupa kavu, chumvi kavu na punje vitikiswe pamoja. Chumvi ikinata kwenye kuta, punje bado mbichi. Hapo ndipo mfuko usiopitisha hewa utakapoonyeshwa.

Watakaofika baada ya saa 4:00 wasipenyezwe kwenye makundi. Wakae turubaini, na saa 5:50 kiongozi wa akiba awatembeze kituo cha kwanza na cha tano huku wengine wakiuliza maswali. Vyoo viwe vinne, viwili vya wanawake, na maji ya kunawa karibu.

Jumanne saa 10 jioni tutafanya jaribio kwa kengele na saa, kila mtoa maelezo akiwa kituoni kwake. Mvua ikinyesha Alhamisi, tutafunga kituo cha tatu, na kundi lililopangiwa hapo litasubiri turubaini hadi kengele inayofuata.