Swali kuhusu sehemu ya mshahara: Mhasibu, Mwanza

Habari za asubuhi Dada,

Asante kwa kunipigia jana kuhusu nafasi ya Mhasibu. Nimejaza fomu yote mtandaoni, ila nimekwama kwenye sehemu ya `Expected Salary (TZS)`. Ni ya lazima. Inapokea tarakimu tu; nikiandika "maelewano" inakataa, na sipendi kuweka 0 kwa sababu mfumo unaweza kunichuja kabla hujayaona maombi yangu.

Naomba unifafanulie: ni kwa mwezi au kwa mwaka, na ni kabla ya makato au baada? Tofauti ni kubwa. Mshahara ghafi wa 2,000,000 kwa mwezi, ukitoa NSSF asilimia 10 na PAYE ya 368,000, unabaki 1,432,000 mkononi.

Je, kuna kiwango kilichotengewa nafasi hii? Kama kipo, nitaandika kiasi kilicho ndani yake. Kama hakipo, nitaweka 2000000 bila mkato, mshahara ghafi wa mwezi, na kueleza kwenye barua kwamba nipo tayari kuzungumza, hasa kukiwa na bima ya afya na posho ya nyumba.

Dirisha linafungwa Ijumaa saa 10 jioni, hivyo nitashukuru nikipata jibu kufikia Alhamisi.

Wako,
Mwombaji wa nafasi ya Mhasibu, Mwanza